Mikia Iliyobaki Kinywani mwa Mama

Jumatatu, 4 Machi 2019

Tumerudi kutoka hospitali. Mama yuko chumba cha uani, kitanda nimekisogeza dirishani apate upepo. Mkono wa kulia hauna kazi. Mdomo umekwenda upande. Maneno hayapo.

Daktari ni kijana mpole. Alimwonyesha kadi za rangi. Manjano — Mama kimya. Buluu — kimya. Kijani — kimya. Akaandika kitu. Kisha akaniambia kwa sauti ya chini kwamba huenda akili nayo imeguswa. Na kwamba hata akitikisa kichwa tusimwamini, ndiyo na siyo zimemchanganyikia.

Dirishani unaonekana ule mgomba. Niligeuza kitanda, nikakirudisha. Upepo unatoka upande huo tu.

Jumatano, 6 Machi

Mama ametoa sauti. Nilikuwa natandika shuka mpya, akaitazama, akasema: pepepe. Wazi kabisa, kama mtu mzima wa afya.

Shangazi Mkasi, dada yake marehemu Baba, akaingia na bakuli la uji na buibui lake. Mama akamtazama juu mpaka chini. Tititi.

Uji ukamwagika mkekani. Shangazi anasema hicho ni kipepo, lugha ya mapepo, yeye kakisikia tangu utotoni na hadanganyiki. Ana mganga wake huko shamba, mtu wa kuaminika, atakuja Jumapili kumchukua Mama. Siku saba kwake, bila ya sisi kuwepo. Nikamwambia Mama hawezi hata kukaa. "Wee Mize," akasema, "kusomesha watoto wa watu hakukufanyi tabibu."

Kweli. Lakini pepepe na tititi nazifundisha mimi, kidato cha pili, kila mwaka. Viigizi. Mbona sikucheka?

Alhamisi, 7 Machi

Nimemjaribu Mama baada ya adhuhuri. Naandika yote nisije nikasahau.

Nilisema: nyeupe. Akasema: pepepe. Nyeusi — tititi. Nyekundu — ndundundu, na nusu ya mdomo ikacheka. Nikasema manjano. Akanitazama tu. Buluu. Akanitazama. Kijani. Akafumba macho, kama amechoka na mjinga.

Na mimi ndiye mjinga. Manjano ina nini cha kusema? Kiswahili kina rangi tatu tu zenye maneno yake ya asili, -eupe, -eusi, -ekundu. Hizo ndizo zenye mikia, viigizi vinavyozifuata nyuma. Nyingine tumeazima, ama kwa wageni ama kwa vitu: manjano ni kiungo cha mchuzi, kijani kimetoka kwenye majani. Kitu kikiwa cha manjano sana tunasema manjano kabisa, basi. Kijani kibichi tunasema, lakini kibichi ni neno zima lenye maana yake, hata muhogo huwa mbichi. Pe si neno la kitu chochote. Haliishi peke yake. Daktari alimwonyesha Mama rangi tatu zisizo na mikia, akamwandika kuwa hana akili!

Maneno yamekatika, mikia imebaki. Sijui kichwani inakaa wapi hata kiharusi kikaikosa.

Nikamchokoza: nyeupe tititi. Alinipiga kofi la mkono wa kushoto. Sikupata kofi la Mama kwa miaka arubaini. Nililia kwa furaha.

Nikaendelea. Giza — totoro. Kulowa — chepechepe. Kusaga — tikitiki. Kulewa — chakari, na jicho la kumkumbuka Baba Hamadi jirani. Kila neno na mkia wake, habadilishi hata mmoja. Wanafunzi huniuliza kwa nini hatusemi giza pepepe. Huwajibu kuwa pe ni sauti ya mwisho ya nyeupe imerudiwa, na ndu ya nyekundu. Halafu yuko msichana mmoja kila mwaka anayeuliza: na ti, mbona nyeusi haina ti? Na totoro haimo popote ndani ya giza. Leo najibu hivi: wameoana zamani, hakuna aliyehudhuria harusi.

Ijumaa, 8 Machi

Leo sikumuuliza kitu. Alianza mwenyewe. Alikuwa anatazama mgomba.

Ndi.

Nikadhani nimesikia vibaya. Ndi, akasema tena. Ndi, ndi. Jasho likimtoka.

Ndi haiandamani na kitu ila kufunga na kukaza. Mlango umefungwa ndi. Kamba imekazwa ndi. Hakuna kingine. Na pale penye mgomba palikuwa na kisima.

Nimeweka kalamu chini mara mbili. Haya. Sijapata kuliandika hili.

1973, msimu wa karafuu. Mimi miaka saba, mdogo wangu Kombo miaka mitatu. Kisima kilikuwa na kifuniko cha mbao chenye komeo, na kazi ya kukifunga asubuhi ilikuwa yangu, maana mimi ndiye niliyekuwa nachota maji ya chai. Mchana Kombo akapatikana ndani, amekufa. Baba aliniuliza mbele ya watu: ulifunga? Nikasema nilifunga. Akasema hukufunga, kifuniko tumekikuta kiko wazi. Mama alikuwa amekaa pale pale, kanga yake imelowa. Hakusema kitu. Baba akakijaza kisima udongo, juu akapanda mgomba. Ndizi zake sijazila hata moja. Mpaka leo nikifunga mlango narudi kuujaribu mara tatu. Mume wangu, Mungu amrehemu, alikuwa akinihesabia.

Na sasa Mama anasema ndi. Ananilaumu? Anasema hukufunga ndi?

Jumamosi, 9 Machi

Sikulala. Nimemsikia Kombo akigonga mbao, nikatoka uani kutazama. Ni jirani anatwanga.

Jumapili, 10 Machi

Shangazi kaja asubuhi, mganga anamfuata na gari. Nikamkalisha. Nikamwambia: Shangazi, sema neno lolote nitakalokupa, kisha msikilize wifi yako.

"Giza," akasema, kwa shingo upande. Mama: totoro. Shangazi akashtuka. Nikampa jingine. "Mtungi umejaa." Mama: pomoni. "Nguo imelowa." Chepechepe. Kisha Shangazi akaanza kujitungia mwenyewe, akapita jikoni mwake mote, na kila penye mkia Mama akautia. Shangazi alicheka mpaka ushungi ukamwanguka. "Pepo gani huyu anajua mtungi wangu umejaaje?" Halafu akalia. Akatoka barazani mwenyewe kumrudisha mganga. Nilimsikia akimwambia mgonjwa anazungumza, ila anaanzia mwisho.

Basi Mama habebwi. Nilidhani leo nitapumua.

Alipoondoka Shangazi, Mama akanishika mkono kwa ule wa kushoto, akaelekeza macho nje. Ndi. Kisha akanigusa mimi kifuani. Ndi. Mimi. Ndi.

Nikakaa chini. Nimefundisha miaka ishirini na nane, na nilihitaji kufikiri kama mtoto. Mikia hii hupenda jambo lililotimia. Husema mwisho kabisa wa jambo, hakuna zaidi yake: huwezi kusema nyeupe pepepe kidogo. Na mtu akikana, mkia huanguka. Kifuniko kisipofungwa twasema hakikufungwa, tunanyamaza. Tukisema kiko wazi, wazi nalo halina mkia. Mtu anayelaumu kwamba kisima kiliachwa wazi asingelifikia ndi hata kidogo. Ndi ni ya kifuniko kilichokaa mahali pake na komeo limeingia mpaka mwisho.

Nikamuuliza: Mama, nilifunga? Akatikisa kichwa. Ndiyo au siyo, sijui, daktari kasema tusiamini. Lakini mdomo ukasema ndi.

Nilifunga. Nina miaka hamsini na tatu, na nilifunga.

Nimetembea uani nikishika kuta. Sikuweza kuugusa ule mgomba.

Baada ya alasiri, bado Jumapili

Nilijifanya sitaki kujua zaidi. Mama hakuniachia. Safari hii akajigusa yeye kifuani. Pomoni.

Kujaa. Ndoo imejaa. Yeye alichota.

Kisha akafungua mdomo kwa jambo lililofuata. Midomo ikahangaika, mshipa wa shingo ukatoka. Hakuna sauti. Akajaribu tena na tena, machozi yakashuka upande mmoja. Neno hilo lilikuwa halina mkia, hakuwa na pa kulishikia. Nililijua: wazi, kama kifuniko kilivyokutwa. Nimeliandika juu hapo, mistari michache iliyopita. Sikumsaidia.

Aliliruka. Akajigusa tena. Fofofo.

Nikaruka nikidhani ni Kombo. Fofofo ina mabwana wawili, kulala na kufa, na miaka yote hiyo nimewaambia wanafunzi hiyo si ajabu. Lakini aliyejigusa kifua yu hai mbele yangu. Basi ni kulala. Msimu ule alikuwa akichambua karafuu za watu usiku kucha, nakumbuka vidole vyake vyeusi. Mchana alichota ndoo moja, akaja kujinyoosha kidogo humu humu chumbani.

Chepechepe, akasema mwisho. Akashika kanga yake, kama ile iliyolowa siku ile.

Jumatatu, 11 Machi

Nimemwogesha. Nimemlisha uji. Sikumtazama usoni. Mikono yangu ilikuwa na hasira, nikasugua mgongo wake kwa nguvu kuliko inavyotakiwa, naye akavumilia. Nilitaka asivumilie.

Miaka arubaini na sita. Alinisuka nywele. Alinioza. Alinishika mkono siku ya maziko ya mume wangu. Kila siku katika siku hizo alikuwa anajua.

Nikamwambia hivyo. Si kwa sauti kubwa. Nikamwambia Baba alikufa akiamini ni mimi, na wewe ulikuwepo, Mama, ulikaa pale.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akajigusa kifua, akasema: jii.

Kimya. Nyamaza. Haishiki kitu kingine.

Jii, akasema tena, macho hayaniachi. Jii. Kila mara akijigusa, mpaka ngozi ya kifua ikawa nyekundu, nikaushika ule mkono usiendelee.

Sasa ameufungua mdomo tena. Ananitazama, midomo inahangaika kama jana, mshipa umetoka. Analitaka neno fulani, na nimeyapitia kichwani yote yanayoweza kuwa. Kusamehe halina mkia. Nisamehe, samehe, radhi, hakuna hata moja lenye mkia. Itabidi mmoja wetu aliseme zima, na yeye hawezi.

Shangazi Mkasi anapiga hodi ukumbini, anauliza mgonjwa kaamkaje. Mkono wa Mama bado nimeushika. Mama anangoja niliseme mimi.