Baba, Mwanangu Sikumpa Jina Lako

Kilombero, Jumapili ya pili ya Novemba. Ni mwezi wa tano tangu niondoke Ikuti.

Baba yangu,

Leo hatukati miwa, nimepata nafasi ya kukaa. Mikono imechubuka na mwandiko wangu unaujua, niliishia darasa la sita. Lakini neno hili nataka ulisikie kwangu, maana kaka ameshalipeleka kaburini kwako kwa namna yake. Anasema nimekutupa. Sijakutupa.

Unamkumbuka mke wangu, Atupele. Mlikaa uwanja mmoja miaka mitatu na hukuwahi kumwona uso. Ukitoka kuchuma chai ulikohoa mara mbili nyuma ya migomba ili apate kupisha nyuma ya nyumba, na mimi nikicheka uliniambia, "Nyamaza, namheshimu mkeo." Ulipougua alikupikia uji, akauacha mlangoni, akarudi nyuma. Jina lako, Asajile, hakulitaja hata mara moja. Mama ndiye aliyemfundisha hivyo alipoolewa: mkwe wa kike hamtazami baba mkwe, wala hatamki jina lake, awe hai au amekufa.

Sasa sikia. Mtoto alizaliwa Mei, wa kiume, baada ya mimba mbili kuharibika. Kitovu kilipodondoka tukaita watu. Ndizi zilipikwa na nyama, maziwa ya mgando yakajaa vibuyu, na mama mkwe wangu akaja kutoka Kyimo na wanawake wenzake, wamebeba mikungu vichwani. Kwetu unajua ilivyo: bibi wa upande wa baba anamshika mtoto, anatamka jina, anamkabidhi mama yake, na mama akimwita mara ya kwanza kwa jina hilo ndipo vigelegele vinapigwa.

Mama akamwinua mtoto. "Huyu ni Asajile. Mume wangu amerudi."

"Huyu ni Ipyana," akasema mama mkwe, hata ndizi hajameza. "Ni neema. Binti yangu amelia mara mbili kabla ya huyu."

"Mkwe, hapa ni Ikuti. Nyie wa Kyimo mmeitwa kula."

"Tumekula, ndizi zenu hazina chumvi. Niambie, mkwe: mtoto akikimbilia moto, binti yangu atapiga kelele gani? 'Wewe, wewe'? Watageuka watoto wote wa Ikuti!"

Wanawake wakacheka, hata wa kwetu. Mama hakucheka. "Atamwita Tata, yaani baba, kama sisi wote tulivyofanya. Mimi mwanangu wa kwanza nilimwita Tata mpaka akaoa."

"Na ulipokuwa peke yako, mkwe, hukutamani kumwita jina lake?"

Mama akamsukumia Atupele mtoto mikononi. "Mpokee. Mzee ameshakufa, leo nakuruhusu. Mwite Asajile."

Baba, ungemwona. Alifungua mdomo, akaufumba. Akafungua tena. Jasho likamtoka na baridi ile ya Juni. Mtoto akaanza kulia, uwanja mzima unamsubiri mama yake amwite, naye anamtazama mtoto wake kama amekabidhiwa wa watu. Heshima aliyoishika miaka yote, waliyomfundisha hao hao, sasa walitaka aivunje mbele ya watu, au asimwite mwanawe maisha yake yote.

Nikasimama. Nikasema, "Ni Ipyana. Jina la ukoo analo, hilo hamna wa kumnyang'anya. Atupele, mwite."

Akamwita. Polepole kwanza, halafu kwa nguvu. Wa Kyimo wakapiga vigelegele. Mama akaingia ndani akafunga mlango, na mpaka naondoka hakunisemesha. Kaka akaniambia nimetawaliwa na mwanamke. Na aseme. Ukoo mzima useme. Wao hawaamki usiku na huyo mtoto, mama yake ndiye anayeamka.

Nakukumbuka sana, Baba, hasa asubuhi tukisubiri malori. Jina lako nalibeba mimi, kila jioni msimamizi akiita majina ya wakata miwa analitaja baada ya langu. Linatosha hapo. Wewe uliyekohoa ili mwanamke apite kwa amani, siamini ungetaka ashindwe kumwita mwanawe. Na kama ungetaka, basi nawe ningekukatalia.

Mama nampenda, na mlango wake nitaugonga mpaka afungue. Ila jina silibadilishi.

Viwanda vinafunga mvua kubwa zikianza. Nitegemee Machi. Nitamleta mtoto hapo kwenye migomba ulipolala, atakuwa anatambaa. Atupele atasimama kando ya kaburi, si nyuma ya nyumba, na atamwita Ipyana kwa sauti yake yote.

Mwanao wa pili,
baba yake Ipyana