Nimepewa kona ya MaNgidi

Busi, shoga, ngoja nikusimulie ya leo.

Unajua tangu askari wa jiji watuvunjie meza zetu za biashara barabarani nafuatilia ombi langu la kibali cha kuuzia manispaa. Leo karani kaniita: "Mama, nafasi imepatikana, ile ya kona. Mwenyewe hakuja kuhakikiwa, kibali chake kimefutwa."

Ya kona! Ya MaNgidi, muuza mahindi mwenzangu, Busi!

Nikamwambia, "Huyo alifia palepale siku ya kuvunjiwa. Binti yake je?"

"Binti naye aombe, apange foleni. Unachukua, au nimwite mwingine?"

Nimechukua. Ningefanyaje na wanangu?

Sasa nimekaa hapa na mahindi yangu. Bibi mmoja haoni vizuri, kaja kununua, kanishika mkono: "MaNgidi, mwanangu! Walisema umekufa!"

Nikaitika, Busi. Nikaitika.