Pipi ya Mheshimiwa Neema

Jumatatu jioni, Januari

Elia mwanangu, akili umeiacha ofisini Mtumba? Mtoto ni wa kulindwa, wewe unamnadi kama mbuzi.

Asubuhi Elia alimpiga picha binti yake Neema, siku yake ya kwanza shule, sweta jipya, nembo ya shule inasomeka. Akaiweka statasi ya WhatsApp na maneno haya: "Mheshimiwa Neema, Waziri wa Uji, ameripoti kazini. Hongo yake ni pipi. Saa sita bibi anamfuata, akichelewa, atakayewahi na pipi ambebe."

Nilicheka, sikatai. Mimi shule niliishia darasa la tatu, kwa hiyo nilijivunia mjukuu.

Saa sita nafika getini, Neema anamumunya pipi, ameshapakizwa kwenye bodaboda ya kijana nisiyemjua.

"Shikamoo bibi. Nampeleka Mheshimiwa nyumbani."

"Marahaba. Nani kakutuma?"

"Hakuna, bibi. Nimeona statasi. Niliwahi kumletea baba yake mzigo, tukahifadhiana namba."

Mwalimu wa zamu naye eti, "Alimwita kwa jina, nikajua ni mjomba."

Kijana hakuwa na ubaya. Lakini mwenye ubaya angesoma maneno yale yale. Nilimshusha Neema, nikamshika mkono mpaka nyumbani Ipagala.

Namwambia Elia, anajibu, "Mama, ni utani tu. Wameshaangalia watu mia mbili."

Mia mbili, na nusu yao huwajui hata sura.

Futa hiyo picha sasa hivi, usingoje kesho ijifute yenyewe. Na asubuhi, kabla ya kwenda kazini, nenda kamwambie mwalimu Neema asitoke getini bila mimi au mama yake.