Chupa ya Uji Iliyokwenda Igoma

Mama,

Shikamoo. Najua huitikii, lakini mkono umekataa kuanza vinginevyo. Ni mimi, Pepe, niko kibarazani kwetu Mkuyuni. Kwenye cherehani kuna suruali ya mtumba ya watu, mguu mmoja nimeupunguza na mwingine bado. Mwenyewe anaifuata saa kumi. Aifuate tu. Tangu Jumatano sijashona mstari ulionyooka, na sababu yake nitakueleza, maana hakuna mwingine atakayeielewa.

Koku amejifungua. Mtoto wa kike, Jumanne alfajiri, na wote wawili wazima. Habari niliipata kwa Mama Sabato, jirani yetu wa dagaa, ambaye siku hizi biashara ameihamishia Igoma na anapita karibu na nyumba yao kila asubuhi. Mafuru mwenyewe hakuniletea neno. Ndugu yangu wa tumbo moja, ulituzaa wawili tu, na habari ya mwanawe naipata kwenye beseni la dagaa. Wala sikuwa na haki ya kulalamika.

Hukuyasikia niliyoyasema, ulikuwa umekwisha lala. Siku ile tuliyokuzika kijijini Majita, Mafuru alifika, akatia udongo, akalala, asubuhi akasema anaondoka. Nikamwambia matanga hatujaanua, unakwenda wapi? Akasema kiwanda cha minofu si kama lile shirika lake la zamani, ambako ukifiwa walikupa siku zako na kazi unaikuta. Hawa wapya, ukikosa zamu mbili unakuta mtu mwingine amevaa mabuti yako. Nilimwelewa, Mama. Nilimwelewa kabisa. Lakini nilikuwa na hasira ya kukukosa na sikuwa na pa kuitupa. Nikamwuliza mbele ya wajomba mkewe yuko wapi. Koku alikuwa na mimba ya miezi minane! Wewe mwenyewe usingekubali mjamzito akanyage makaburini. Nilijua, nikauliza hivyo hivyo. Kisha nikamalizia: "Basi nenda kwa sangara wako, na huyo atakayezaliwa asiniite shangazi."

Ulimi hauna mfupa. Mafuru alichukua mfuko wake akaenda kutafuta gari.

Kwa hiyo Jumanne ile nilipopata habari niliingia ndani, nikatoka, nikaingia tena. Nikafagia ua uliokuwa umefagiwa. Nilijua kuwa nisipotuma neno, yale ya Majita yatakuwa yamethibitika, na mtoto atakua akijua ana shangazi Mkuyuni aliyemkana kabla hajazaliwa. Nikituma neno baya, ni afadhali nisitume. Na mtu wa kuniambia neno zuri ni lipi nimemzika mwenyewe.

Unakumbuka tulivyokuwa tukiwaandikia waliojifungua? Wewe umekaa kwenye kigoda unakoroga uji wa ulezi, mimi nina daftari gotini. Mtaa mzima ulizaa na mtaa mzima ulipata karatasi yako, hata Koku alipomzaa Dani. Unanitajia maneno, nami naandika, na nikiongeza neno la shule unalisikia hata bila kusoma. "Futa hilo. Hilo ni la kujionyesha." Upande mmoja wa karatasi tu, herufi kubwa, kwa sababu mzazi anasoma kwa mkono mmoja, huo mwingine una mtoto, na karatasi ya kugeuza itamwangukia. Anza na mama, pole na hongera, ndipo mtoto. Baba naye asisahauliwe, maana siku hizo hakuna anayemwona. Usiulize kwa nini hawakukwambia mapema. Usimpe dawa wala shauri, ana mashauri ya kumtosha. Jina usilitaje, ni lao. Mwambie asihangaike kujibu. Na kutembelea, sema utakuja baadaye, siku watakayoitaja wao. "Mgeni wa mapema anataka chai," ulikuwa unasema, "na hiyo chai ataichemsha nani? Si huyo huyo mwenye kidonda?" Halafu karatasi inakunjwa, inafungwa kwa uzi kwenye mpini wa chupa ya chai, ile yenye maua mekundu, uji ukiwa ndani. Uji wenyewe haukutajwa kwenye karatasi. Watauona.

Basi nikakaa. Barua ya kwanza ilifika kurasa tatu. Niliandika habari za mazishi, nikaandika kwamba Mafuru naye angesubiri hata siku mbili, nikaandika nisamehe, nikaandika lakini. Kila nisamehe ilifuatwa na lakini. Nikaisoma kwa sauti na nikasikia kabisa unasema huyu mwanamke ametoka leba leo, unampa kesi asikilize? Nikaichana. Ya pili ilikuwa fupi, ila niliandika kwamba nakuja kesho. Nayo nikaichana, maana nilitaka kwenda kesho kwa ajili yangu, ili moyo utulie, na wao wachemshe chai.

Asubuhi ya Jumatano nilikoroga uji kwanza. Mwiko wako ulipokuwa unazunguka mkononi mwangu, maneno yakaja yenyewe. Niliandika bila kuinua kalamu:

"Koku na Mafuru. Koku, pole na hongera sana kwa kujifungua salama. Mafuru, hongera, baba. Tumefurahi sana hapa nyumbani. Mungu amkuze mtoto. Msihangaike kujibu. Mama atakuja kuwaona mkishapumzika, siku mtakayosema ninyi."

Umeona?

Mimi sikuona. Nilikunja, nikafunga uzi, nikamkabidhi Mama Sabato chupa, nikarudi kwenye cherehani nikiimba. Niliimba, Mama, kwa mara ya kwanza tangu uondoke. Saa sita nikafungua daftari nimwandikie mteja kipimo cha kiuno. Unajua ninavyochimba karatasi, ulinisema miaka yote kwamba naandika kama napalilia. Maneno yalikuwa yamejichora kwenye ukurasa wa chini. Nikayafuata kwa kidole, nikitabasamu, mpaka nilipofika mstari wa mwisho.

Mama atakuja kuwaona.

Miaka yote uliyonitajia maneno sijawahi kumaliza karatasi kwa njia nyingine. Mkono haukuuliza kama wewe umekufa. Nilimwandikia mzazi wa siku moja, mwenye kichanga kifuani, kwamba marehemu anakuja kumtazama. Na aliyeandika ni mimi, niliyesema yale Majita. Wangeisoma vipi? Mafuru angesema nini, kama si kwamba dada yake sasa amemwombea mtoto kifo kwa maandishi?

Nilikimbia hadi barabarani bila viatu. Nilitaka kwenda Igoma muda ule ule, nigonge, nieleze. Nikafika kwenye kona ya mashine ya kusaga nikasimama. Nimewaandikia siku mtakayosema ninyi. Nikienda sasa, mwenye kinywa kile, jasho linanitoka, nikaingia chumba cha mzazi nikipiga kelele habari za wafu? Nikarudi. Nikatoka tena. Mwenye mashine akaniuliza kama nimepoteza kuku.

Jioni Mama Sabato alirudi akasema chupa amempa Mafuru mwenyewe mlangoni. Alisema nini? Hakusema. Alikuwaje usoni? Alikuwa na usingizi. Nilimhoji mpaka akaniambia Pepe, mimi nauza dagaa, sipigi picha.

Alhamisi nilifumua nilichoshona Jumatano. Ijumaa nilipika nikasahau chumvi, nikala hivyo hivyo. Niliandika karatasi nyingine ya kueleza kosa, nikaiona inageuka kuwa kurasa mbili, nikaitia motoni. Nilikuwa nakukasirikia, nakiri. Kwa nini ulinifundisha kwa jina lako? Kwa nini hata siku moja hukusema, Pepe, andika na lako? Halafu nikaona aibu, nikakaa mlangoni mwa chumba chako nikalia kwa sauti.

Leo Jumamosi chupa imerudi. Ulisema chupa haiendi kwa mzazi tupu na hairudi tupu. Nilimwona Mama Sabato akija nayo, nikaipokea kwa mikono miwili. Kwenye kifuniko kulikuwa na kahawa za kutafuna, zile wanazompa mgeni kwao Koku, zimefungwa ndani ya jani la mgomba, na karatasi ya upande mmoja. Nakuandikia ilivyo:

"Wifi. Tumepata. Nilipofika mstari wa mwisho nilicheka mpaka mshono ukauma, halafu nikalia, Mafuru naye akalia, mtoto akaamka. Karatasi aliyotuletea Mama tulipompata Dani ninayo bado. Maneno ni yale yale na mwandiko ni ule ule. Nilikuwa najua siku zote ni mkono wako. Mama hawezi kuja. Njoo wewe, Jumapili ijayo, Mafuru hana zamu. Mtoto anamsubiri shangazi yake."

Chini yake Mafuru ameandika kwa ule mwandiko wake wa kuku: "Usilete khanga. Lete sabuni."

Nimeisoma mara ngapi sijui. Moja ya zile kahawa iko mdomoni mwangu sasa hivi, chungu kidogo, na machozi yananidondokea kwenye suruali ya watu. Ningependa kukwambia moyo umetulia. Haujatulia. Umebaki na siku nane za kusubiri, na kila dakika nasimama kutazama kama sabuni nilizonunua bado zipo rafuni. Sijui nitaanzaje nikimwona Mafuru. Nadhani nitaosha nepi kwanza. Ukiwa umeinama kwenye karai, watu hawakuangalii usoni, na maneno ya Majita nitayatoa huko huko, bila lakini.

Barua hii imekuwa ndefu kuliko zote ulizowahi kunitajia, na nimegeuza karatasi mara tatu. Ungenikemea. Lakini wewe, Mama, mikono yako yote miwili iko huru.

Nakuahidi hili. Mtaa utaendelea kuzaa, na chupa yako itaendelea kwenda, na uji utakuwa mzito vile vile. Mwiko nimeurithi, na maneno nimeyarithi pia, sitabadilisha hata moja isipokuwa lile la mstari wa mwisho. Pumzika, usihangaike kujibu. Jumapili ijayo nitampakata mjukuu wako.

Nitakwenda mimi.

Mwanao,
Perpetua