Bosi Alijua Tangu Oktoba

Jumatatu, 22 Desemba. Miezi kumi na mmoja sasa tangu nitoke Busia kuja kwenye kazi hii ya chumvi.

Mvua siilaumu. Niliiona mwenyewe Oktoba ikiyeyusha chumvi kwenye vidimbwi tunamoikaushia, na si bosi aliyeileta.

Leo jioni msimamizi ametusomea barua ya bosi ya sikukuu: asanteni kwa kuvumilia mwaka mgumu, sisi ni familia moja, hakuna atakayeachishwa kazi, mshahara wa Desemba utalipwa kesho. Bonasi imetajwa mwishoni kabisa, kwamba mwaka huu haitawezekana. Kisha tukaambiwa tutie sahihi kwamba tumesikia.

Bosi mwenyewe alikuwa amesimama kando. Mama Kadzo, ninayekusanya naye chumvi, akamuuliza, "Baba, wewe ulijua lini?"

"Tangu mvua ya Oktoba, mama. Sikutaka mvunjike moyo kabla hatujaokoa chumvi iliyobaki."

"Ukaona heri tuvunjike migongo!"

Watu wakacheka. Mimi sikuweza.

Hilo ndilo linaloniuma. Tumebeba magunia hata Jumapili tukitumaini bonasi ambayo yeye alijua haipo. Angesema Oktoba, ningemwambia mke wangu asiwaahidi watoto kwamba baba anakuja Krismasi. Mshahara ni wa karo ya Januari. Nauli ilikuwa hiyo bonasi.

Nimempigia mke wangu simu kumwambia siji. Ameniuliza tu kama ninakula vizuri. Afadhali angenigombeza.

Nitakwenda nyumbani Pasaka. Nauli nitaanza kuiweka kesho, kidogo kidogo, na bosi asinihesabu kwenye kazi ya Jumapili.