Barua Iliyoishia Kwenye "Kwa Sababu"

Jumatatu, 4 Agosti

Mitihani ya majaribio ya Kidato cha Pili imeanza. Nilirudi jana kutoka nyumbani Bunda, na asubuhi nikasimamia Kiswahili nikiwa na vumbi la mtaa wetu wa Nyasura bado kwenye viatu. Karatasi zilichapwa Musoma na zimefika pungufu. Wanafunzi wawili wawili wakatazama karatasi moja. Nilisema, mbele ya walimu wote, kwamba hii ni dhihaka kwa elimu. Mkuu wa shule akanijibu kwamba dhihaka ni mwalimu mgeni mwenye mdomo.

Neema Masatu hakufika. Ndiye bora kuliko wote darasani kwangu. Nimemwekea alama ya utoro kwenye rejista, kwa kalamu nyekundu, kama utaratibu unavyotaka.

Jumanne, 5 Agosti

Leo jirani yake Neema, anayesoma naye darasa moja, ameleta barua ya mama. Karatasi imechanwa kwenye daftari. Nainakili yote:

"Mwalimu wa darasa, shikamoo. Neema hatakuja shule kwa sababu"

Chini yake, baada ya nafasi ya mistari miwili: "Ni mimi mama yake."

Basi. Hakuna nukta, hakuna neno zaidi. Mtu amekaa, akaandika, akafika penye swali lenyewe, akaacha, kisha akatia sahihi. Nilimuuliza yule msichana kuna nini nyumbani kwa kina Neema. Akatazama miguu yake. Nikamwambia arudi kwenye mtihani.

Nimeudhika kuliko ninavyopaswa. Nimesoma miaka yote hii nikiamini kwamba mzazi wa kijijini anadharauliwa na ofisi za serikali. Leo mzazi ameidharau ofisi yangu.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeandika majibu. Mkuu ameyasoma, akatabasamu kwa mara ya kwanza tangu niripoti hapa, akagonga mhuri. Nakala nimeiweka kwenye faili. Maneno yake makuu:

"YAH: TAARIFA PUNGUFU YA KUTOHUDHURIA SHULE. Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Barua yako imepokelewa ikiwa haina sababu. Eleza kwa maandishi kama ni ugonjwa, msiba, au uzembe wa mzazi. Usipofanya hivyo kabla ya Ijumaa, jina la mwanao litapelekwa kwa Mtendaji wa Kata pamoja na majina ya watoro wengine, na hatapokelewa shuleni mpaka uitikie wito wa ofisi hiyo."

Mkuu aliniambia Ijumaa ni sikukuu ya Nane Nane, ofisi zimefungwa, kwa hiyo orodha itatoka Jumatatu. Sikubadilisha. Ukali unahitaji tarehe ya karibu.

Nimempa yule msichana bahasha. Aliishika kwa ncha za vidole.

Alhamisi, 7 Agosti

Nina hasira na kila mtu, nikiwemo mimi. Niandike kwa mpangilio.

Saa ya chai, Madam Nyamburi, anayefundisha Jiografia na ni mzaliwa wa huku Mugango, alikaa karibu nami. Kwa kawaida hunitania. "Kijana wa Bunda, vitabu vyote hivyo hata salamu humo hamna?" Leo hakutania. Akaniambia tutoke nje.

Baba yake Neema alikwenda kutega nyavu Jumamosi. Mtumbwi umepatikana ukielea, umejaa maji. Yeye hajapatikana. Tangu Jumapili wavuvi wote wa ghuba ile wametoa nyavu zao majini na wanamtafuta kwa zamu, mitumbwi inapita matete kwa matete.

Nikauliza kwa nini hakuna aliyeniambia. Akasema hapa hatusemagi. Mtu akipotea ziwani, hakuna anayetamka kwamba amekufa mpaka kaka mkubwa wa ukoo atamke. Siku akitamka, utafutaji umekwisha. Nyavu zinarudi majini, wanaume wanarudi kwenye kazi zao, na familia inazika, hata kama ni mgomba tu ndani ya sanda badala ya mwili. Kabla ya hapo hakuna msiba. Hakuna matanga, hakuna pole. Wanawake wa nyumba ile hawatoki uani. Neema ni mwanamke wa nyumba ile.

"Sasa mama yake angeandika nini?" akaniuliza. "Aandike anaumwa? Uongo. Aandike ile nyingine? Yeye ndiye wa mwisho kuruhusiwa kuisema."

Kumbe aliandika kila alichoweza kuandika kwa ukweli.

Lakini hilo si baya zaidi. Baya zaidi ni kwamba barua yangu ilisomwa jana jioni ufukweni. Mama aliikabidhi kwa shemeji yake, Mzee Bwire, huyo kaka mkubwa wa ukoo, kwa kuwa ina mhuri, naye akaisoma kwa sauti mbele ya watu waliotoka majini. Alipofika kwenye "msiba" akanyamaza. Walikwisha kusikia. Leo asubuhi nusu ya mitumbwi haikutoka. Wanaume wamechoka, watoto wao wanataka kula, na wamepata ruhusa waliyoona aibu kuiomba: serikali imeshasema msiba, na mhuri upo.

Neno moja katika orodha ya matatu. Niliona linaipa sentensi uzito.

Nilitoka hapo nikamwambia Mkuu tuandike barua ya kufuta ya kwanza, leo hii. Akasema shule haifuti barua. Nikamweleza. Akasema mila si sehemu ya waraka, na mama huyo amalizie sentensi yake kama watu wengine. Kisha akaondoka zake kwenda kwake Butiama kwa ajili ya sikukuu, na mhuri ndani ya mkoba.

Ijumaa, 8 Agosti. Nane Nane

Nimeandika barua ya pili kabla ya chai. Nikachukua bodaboda hadi Butiama. Nikamkuta Mkuu amekaa barazani na wageni, wanakula nyama ya kuchoma.

Nikaomba mhuri kwa adabu. Akasoma barua, akawapitishia wageni. Mmoja akacheka: "Mwalimu, wewe ni wa shule au wa ukoo?" Nikamjibu kwamba shule imeingilia ukoo bila kualikwa na sasa inakataa kutoka. Mkuu akasema nina digrii moja tu na tayari naiona kama tatu. Nikasema moja inatosha kujua kwamba mhuri uliotumika kuumiza unaweza kutumika kuponya. Haikuwa sentensi nzuri. Ilikuwa ya kitabu. Nilistahili kicheko walichonipa.

Hakugonga. Akaniambia nikiipeleka barua bila mhuri, Jumatatu niandike maelezo kwa nini nisichukuliwe hatua.

Nimeipeleka.

Ufukweni palikuwa na watu wengi wamekaa na mitumbwi michache sana majini. Nyavu zilikuwa zimekunjuliwa mchangani, zikikaguliwa. Mzee Bwire ni mtu mrefu, mwenye kofia ya soksi hata juani. Nikamwamkia. Akaitikia, akaninyima kiti. Ilikuwa haki yake.

Nikasoma nikiwa nimesimama:

"Kwa Mama Neema. Barua yako ya kwanza ilitosha. Shule iliandika neno ambalo haina habari nalo, na neno hilo limefutwa. Shule haijui lolote kuhusu Masatu isipokuwa kwamba anatafutwa. Neema ana ruhusa mpaka baba yake mkubwa atakapomrudisha. Usiandike zaidi. Mwalimu wa darasa."

Kijana mmoja aliyekuwa akitengeneza wavu akauliza, "Mhuri uko wapi?"

Nikasema mhuri umekataliwa, na kwamba wa kwanza niliuomba mimi kwa kosa langu mwenyewe.

"Kwa hiyo ile ya mhuri ni ya uongo, hii isiyo na mhuri ndiyo ya kweli."

"Ndiyo."

Wakacheka. Si kicheko kibaya. Mzee Bwire akaichukua karatasi, akaisoma tena mwenyewe polepole, akaikunja ikaingia mfukoni. Akawaambia, "Mwalimu ameondoa. Mimi sijasema. Nani mwingine amesema?" Yule kijana akauacha wavu wake, akasukuma mtumbwi. Wengine wakafuata, bila haraka, mmoja mmoja.

Sikuweza kujizuia. Nikamuuliza mzee ni nani aliyeamua kwamba mke asiseme na shemeji aseme. Akanijibu: "Akisema yeye, kesho watasema alikuwa na haraka. Watamwuliza haraka ya nini. Mimi nikisema, hakuna wa kuniuliza."

Nikamwambia basi wenye makosa ni hao wanaouliza, na ndio wangefungwa mdomo.

"Ni kweli," akasema. "Wafunge wewe, kijana. Mimi nilijaribuga."

Bado naona ni dhuluma. Mwanamke ananyamazishwa ili asisingiziwe, na tunaita hiyo hifadhi. Lakini leo haikuwa siku ya kushinda hoja hiyo. Nilikuwa na hoja moja tu ya dharura, nayo ilikuwa imekwenda majini.

Jumapili, 10 Agosti

Amepatikana. Mchana, upande wa pili wa ghuba, ndani ya matete. Madam Nyamburi alinipigia simu. Mzee Bwire ametamka.

Ni mtumbwi wa yule kijana aliyeuliza mhuri uliompata.

Jumatatu, 11 Agosti

Mkuu ametoa orodha ya watoro ili niisaini kama mwalimu wa darasa. Jina la Neema lipo. Nimekataa. Nimebadilisha alama kwenye rejista, nikaandika "ruhusa" kwa siku zote na kuweka sahihi yangu pembeni ya kila badiliko, kama inavyotakiwa. Akaniambia ninachafua kumbukumbu za serikali. Nikamwambia zilichafuliwa wiki iliyopita na sisi wawili.

Orodha imekwenda bila sahihi yangu. Jina lake limo. Nami nimepewa barua ya kujieleza. Ina mhuri mzuri sana, haukupinda hata kidogo.

Mchana nilikwenda kwa Mtendaji wa Kata mwenyewe. Alikuwa ametoka mazishini, suruali ina udongo. Akaitafuta orodha, akachora mstari juu ya jina, akanirudishia kalamu. Hakuuliza chochote. Kumbe mtu mmoja ofisini alikuwa anajua muda wote, na hakuna aliyemuuliza.

Jumatano, 13 Agosti

Nimeandika maelezo yangu kwa Mkuu. Rasimu ya kwanza ilikuwa kurasa nne, yenye hoja kumi na nukuu. Nimeichana. Nimebakiza aya moja: nilichoandika, kilichotokea ufukweni, nilichofanya. Sikuomba radhi kwa barua ya pili. Niliomba kwa ya kwanza.

Anasema suala langu litapelekwa wilayani. Liende.

Jumatatu, 18 Agosti

Neema amerudi. Amenyolewa kichwa, kama wafiwa. Mzee Bwire alimleta mpaka getini, akanisalimia kwanza yeye, akaenda zake.

Mtihani wa majaribio umempita. Madam Nyamburi amempa karatasi yake ya Jiografia aifanye nyumbani, nami nitamwandalia ya Kiswahili. Wa taifa ni Novemba. Muda upo.

Niliita majina. Nilipofika kwake, aliitikia kabla sijamaliza kulitaja jina lake. Darasa likaendelea. Tulikuwa kwenye ngeli.