Moto wa Ibra, Maji ya Sur

Ibra, Jumamosi. Joto la kukausha kanzu kabla hujamaliza kuianika.

Inatangazwa rasmi kwa umma: tangu jana alasiri, mwandishi wa ukurasa huu, aliyefiwa na mke, mwenye kitambi na kipara kinachostawi, ni Simba. Pongezi zipokelewe kwa zamu.

Jana nilikwenda Sur, mji wa pwani, kumposa Mariamu. Kaka yake, ambaye ndiye walii wa kumwoza, alikwisha kuridhia. Alibaki shangazi yao, Bi Shekha, aliyewalea wote wawili. Yeye akinuna, nyumba nzima hainyanyui sufuria. Alitaka siku na saa niliyozaliwa, atazame nyota.

Pasipoti yangu inasema Januari mosi. Bi Shekha akacheka mpaka buibui likamteleza.

"Nyote mliotoka Pemba Januari mosi? Mama zenu walipanga foleni?"

Nikampa alichoniachia marehemu mama: Ijumaa, kabla ya adhana ya alfajiri, karafuu zimeanikwa uani. Nikampigia simu binamu yangu aliyeko Wete. Akasema nilipozaliwa, yeye alikuwa na meno mawili. Na yeye je, alizaliwa lini? Hajui.

Bi Shekha akahesabu kwa vidole. Msimu wa karafuu ni miezi, Ijumaa ni tele, na mwaka wenyewe ni huu au ule.

"Khalas. Tupige kwa majina."

Kila herufi ya Kiarabu ina thamani yake. Unajumlisha jina la mtu na la mama yake, unatoa kumi na mbili kumi na mbili, kinachobaki ndiyo nyota. Mimi Salim, mia na thelathini na moja. Mama yangu Zuwena, sabini na nane. Jumla mia mbili na tisa. Ikabaki tano, nyota ya tano: Asadi, yaani Simba. Moto.

Mariamu, mia mbili na tisini. Mama yake Khadija, mia sita ishirini na mbili. Mia tisa na kumi na mbili. Hakikubaki kitu, na pasipobaki kitu huhesabiwa kumi na mbili: Hutu, Samaki. Maji.

"Mtazimana," akasema Bi Shekha. Kisha akalainika. "Lakini baba, ukiitwa Saidi unakuwa Sumbula, nyota ya udongo. Udongo na maji hupatana. Badili jina tu."

Nibadili jina! Nimeliitikia zaidi ya miaka hamsini. Mama alilichagua, nami nilivue kama kandambili mlangoni? Sitaki. Nyota isiyoijua siku yangu isinipangie mke.

Hivyo ndivyo nilivyotaka kuandika.

Kweli yenyewe ni hii. Niliinamisha kichwa nikasema, "Saidi si jina baya, shangazi."

Mariamu ndiye aliyetokea mlangoni, sinia la halwa mkononi.

"Mimi nimeposwa na Salim. Huyo Saidi simjui, na mwanamume nisiyemjua asikae humu ndani. Moto na maji, shangazi, si ndiyo chai unayokunywa hapo?"

Bi Shekha akaitazama chai. Akainywa.

Akdi ya ndoa ni Ijumaa ijayo.